Makuta Iko Mukononi mwa Nani? Kulipa muuzaji wa inje bila kuibiwa

Katika somo hili tunaacha kidogo mbegu na mbolea, tunazungumuza juu ya makuta. Sababu ni hii: kooperative nyingi za pande zetu, njia ya Kasenga, njia ya Kipushi na kule Likasi, zimeanza kutafuta mashini na mbolea moja kwa moja kwa wauzaji wa inje, bila kupitia maduka ya Lubumbashi. Wazo ni zuri, maana bei inashuka. Lakini ukinunua dukani, unatoa makuta na mukono mumoja, unapokea kitu na mukono mwingine. Ukinunua China, India ao Dubai, kati ya kulipa na kupokea kunapita miezi miwili, mitatu, mara ingine zaidi. Swali la somo letu lote ni moja tu: katika miezi ile, makuta iko mukononi mwa nani, na inaweza kurudi?

Mifuko 300 ambayo haikufika

Tuanze na kooperative moja ambayo tulifanya nayo kazi. Hatutaitaja jina, kwani wamekwisha kupata haya ya kutosha. Kabla ya msimu wa mvua walipata tangazo kwenye WhatsApp: urea ya kilo 50, dola 18 kwa mufuko, imefikishwa mpaka Lubumbashi. Hapa mujini mufuko ule ulikuwa unauzwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo. Wakaagiza mifuko 300, ni kusema tani 15, kwa dola 5,400. Muuzaji akaomba avansi ya 20 kwa mia, dola 1,080. Wakatuma kwa Western Union, kwa jina la mutu, si la kampuni.

Juma moja lilipita, picha ya kontenere ikafika kwenye simu. Watu wakafurahi. Halafu ujumbe: "Munapashwa kulipa dola 420 za cheti cha ubora, bila hicho duane haitapitisha." Wakalipa. Kisha siku tisa, ujumbe mwingine: urea ni muzigo wa hatari, bima ya pekee inaombwa, dola 650. Wakalipa tena. Mara ya tatu ilikuwa faini ya bandari ya Dar es Salaam, dola 900, "zitarudishwa zote wakati muzigo unatoka." Ni hapo mutunza sanduku, mama mumoja wa akili, alitupigia simu: "Badocteur, hii deni inaisha lini?" Walikuwa wamekwisha kutoa dola 2,150. Hakuna hata mufuko mumoja uliofika, na makuta haikurudi.

Tuliangalia dosie yao pamoja nao. Kulikuwa mambo matatu ambayo mutu angeweza kuyaona mapema. La kwanza ni bei. Urea inauzwa duniani pote, na bei yake inajulikana. Kutoka kiwanda mpaka hapa kuna meli, bandari, lori mpaka Kasumbalesa, duane. Mutu anayeuza nusu ya bei ya soko, tena amelipa safari yote ile, hana urea. La pili ni ile "bima ya muzigo wa hatari". Sisi baagronomu tunajua kama urea haimo katika orodha ya mizigo ya hatari ya baharini. Ile yenye kuogopewa ni nitrati ya amonia, kwani inaweza kulipuka. Mwizi alichanganya mbolea mbili. La tatu ni namba ya kontenere katika hati waliyotumiwa. Kila kontenere ya meli ina herufi 4, ya mwisho mara nyingi ni U, na tarakimu 7. Kwenye hati yao tarakimu zilikuwa 6. Hati ilikuwa imetengenezwa nyumbani, kwenye kompyuta.

Lakini kwa nini watu wazima, wenye akili, walilipa mara tatu? Muangalie hesabu. Mutu akiombwa dola 2,150 siku ya kwanza, atakataa. Lakini akiisha kutoa 1,080, zile 420 zinaonekana ndogo, anajisema: "Nikiacha sasa, nimepoteza 1,080." Akiisha kutoa 1,500, zile 650 nazo zinaonekana ndogo. Kila ngazi inasimama juu ya ile iliyopita. Huo ndio mutego wa malipo ya mbele, na si wa leo. Huko Nijeria unaitwa "419", namba ya kifungu cha sheria yao kinachoadhibu udanganyifu wa namna hiyo. Mwizi hauzishi urea. Anauzisha woga wa kupoteza kile ambacho umekwisha kupoteza.

Njia tatu, swali moja

Sasa tupime njia za kulipa. Kwa kila moja tuulize swali letu: makuta iko mukononi mwa nani?

Njia ya kwanza: banki kwa banki. Munaenda kwenye banki yenu hapa mujini, iwe Rawbank, TMB, Equity BCDC ao ingine, na fakitire proforma ya muuzaji. Banki inatuma dola kwa mutandao wa SWIFT, zinapita katika banki ya katikati, zinafika kwenye konti ya muuzaji. Siku zinaingia kwenye konti yake, ni zake. Banki yenu inaweza kuomba zirudi, lakini mara nyingi zinarudi paka kama mwenye konti amekubali. Kwa hiyo banki haiwalindi na muuzaji mubaya. Faida yake ni ingine: kuna alama ya kila hatua, jina la kampuni linaonekana, na dosie yenu inakuwa ya sheria. Tena, kwa muzigo wa biashara, banki ndiyo munayopitia kwa kuandikisha leseni ya kuingiza bidhaa ambayo Banki Kuu ya Kongo inaomba. Bila karatasi hizo, kule Kasumbalesa mutateswa.

Musishangae banki ikiuliza maswali mengi. Tangu mwezi wa kumi 2022 Kongo iko kwenye orodha ya inchi ambazo mizunguko ya makuta inaangaliwa sana, na banki za inje zinataka kujua kila dola inatoka wapi na inalipa nini. Mufike na karatasi zote siku ya kwanza: proforma, kontra, karatasi za kooperative, vitambulisho vya wale wenye kutia sinyatire.

Kuna kijambo kidogo ambacho kinaletaka ugomvi. Kwenye fomu ya banki kuna fasi ya kuchagua nani atalipa gharama za njiani. Mukiandika SHA, gharama zinagawanyika, na banki ya katikati inaweza kukata dola kadhaa. Muuzaji atasema: "Sikupata yote, sipakizi." Mukiandika OUR, ninyi munalipa gharama zote, naye anapokea hesabu kamili. Mujue mapema, muandike katika kontra.

Njia ya pili: vyombo vya kutuma makuta. Hapa kuna vitu viwili tofauti ambavyo watu wanachanganya. Western Union, MoneyGram, M-Pesa, Airtel Money na Orange Money ni sawa na makuta ya mukononi. Mutu akiisha kuitoa kule, imekwisha, hakuna mwamuzi. Ni vyombo vizuri vya kutumia ndugu yako anayesoma Kolwezi, si vya kulipa mutu usiyemujua. Hata Western Union yenyewe inaonya wateja wake wasitume kwa mutu ambaye hawajakutana naye.

PayPal na karata ya Visa ao Mastercard ziko tofauti. Kule unaweza kufungua malalamiko. Kwa PayPal, mununuzi ana siku 180 tangu kulipa za kusema: "Kitu hakikufika" ao "Si kile nilichonunua." Lakini muangalie: ulinzi huo unafanya kazi paka kama umelipa kama mununuzi wa bidhaa. Muuzaji akisema, "Utume kama kwa rafiki ao ndugu, juu tuepuke gharama," anakuomba kuvua koti la mvua mbele ya mvua. Malipo ya rafiki na ndugu hayana ulinzi. Tena, njia hizi zinafaa zaidi kwa vitu vidogo: pampu, vipuri, mashini ya kupima unyevu wa mahindi. Kwa muzigo wa dola elfu nyingi wauzaji wengi wanazikataa, na karata nyingi zina kipimo cha matumizi.

Njia ya tatu: eskro. Neno ni geni lakini kitu chenyewe kinajulikana kijijini. Watu wawili wasioaminiana wanauziana ng'ombe. Munaweka makuta kwa mukubwa wa kijiji, ng'ombe analetwa, munamwangalia meno na miguu, na kisha mukubwa anatoa makuta kwa muuzaji. Eskro ni mukubwa wa kijiji. Makuta haiko kwenu, haiko kwa muuzaji, iko kwa mutu wa tatu mpaka muzigo utimize yale yaliyoandikwa.

Kwa mashini za China, eskro ambayo watu wanakutana nayo mara nyingi ni ile ya Alibaba, inaitwa `Trade Assurance`. Munafungua oda ndani ya Alibaba, munaandika bei, tarehe ya kupakiza, nguvu ya injini, na hata rangi kama munataka. Munalipa kwenye konti ambayo Alibaba yenyewe inaonyesha ndani ya oda ile. Mambo yakienda vibaya, Alibaba inaamua kwa kusoma yale yaliyoandikwa kwenye oda. Yale mulizungumuza kwa WhatsApp bila kuyaandika kwenye oda hayana uzito. Kuna pia kampuni za eskro zisizouza kitu, kama Escrow.com, ambayo ilianza 1999, nazo zinachukua sehemu ya bei kama gharama.

Eskro ina mitego miwili. Wa kwanza: muuzaji anakutana nanyi kwenye Alibaba, halafu anasema, "Tulipane inje, nitawapunguzia 5 kwa mia." Mukilipa inje ya oda, mukubwa wa kijiji hajui kama ng'ombe aliuzwa. Ulinzi umekufa. Ndugu yake wa mutego huu ni eskro ya uongo: muuzaji anawatumia adrese ya "kampuni ya eskro" ambayo yeye mwenyewe ametengeneza. Adrese ya eskro munaiandika wenyewe, herufi kwa herufi, hamubonyezi ile ambayo muuzaji ametuma.

Mutego wa pili hauna mwizi, na ndio unaoumiza watu wa Lubumbashi zaidi. Siku za kulalamika zinahesabiwa tangu muzigo kufika fasi iliyoandikwa kwenye oda. Wengi wetu tunapeleka muzigo kwanza kwenye depo ya mutu wa kukusanya mizigo, kule Guangzhou ao Yiwu. Kwa eskro, muzigo ukiingia depo ile, umefika! Siku zinaanza kukimbia, na mashini yenu bado haijaona bahari. Wakati inashuka kwenye lori hapa Lubumbashi na munaona injini imepasuka, mulango wa malalamiko umekwisha kufungwa. Dawa ni mbili: muandike kwenye oda siku nyingi kadiri inavyowezekana, na mashini ikaguliwe kule kule, kabla ya kuingia kontenere.

Kwa muzigo mukubwa kabisa, tuseme trakta kadhaa ao kontenere mingi ya mbolea, muulize banki juu ya kredi ya hati. Banki ya inje inalipa muuzaji paka akileta hati zote zilizoandikwa. Lakini mujue kama banki inasoma karatasi, haifungui mifuko. Kwa makuta kidogo gharama yake inakula faida yote.

Tuhesabu pamoja: mashini za dola 6,800

Kooperative ya pili ilifanya vizuri, na tuliwasindikiza hatua kwa hatua. Walitaka mashini mbili za kusaga mahindi na injini zake za mazutu, na moja ya kupukusua. Bei: dola 6,800 mpaka bandari ya Dar es Salaam. Muangalie neno hilo, "mpaka bandari". Lori ya kutoka Dar, kupita Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa, pamoja na duane ya hapa, haimo. Walitenga makuta ya ile kando tangu mwanzo, ndiyo maana hakuna mutu angeweza kuwashitua na gharama ya safari.

Muuzaji, kiwanda cha Shandong, alikataa eskro kwa sababu mashini zinatengenezwa kwa oda. Aliomba banki: 30 kwa mia mbele, 70 kwa mia kabla ya kupakiza. Hii ni desturi ya wauzaji wengi wa China, si lazima mwizi. Kooperative ilikubali 30, lakini ikabadilisha ile 70: italipwa kiisha mukaguzi kuona mashini, na kiisha kopi ya hati ya meli kufika. Hesabu ikawa hivi: dola 2,040 kwanza, dola 4,760 nyuma. Ni kusema, kama muuzaji ni mwizi, hasara kubwa kabisa ni 2,040, si 6,800. Komite iliwauliza wanachama wazi katika mukutano: "Tukipoteza 2,040, tutaweza kulima msimu huu?" Walijibu ndiyo. Kama wangejibu hapana, hawangepashwa kuanza.

Kabla ya zile 2,040 kutoka, walifanya kazi tatu za kuchunguza.

Kwanza, waliomba leseni ya biashara ya kiwanda. Kila kampuni ya China ina namba moja ya alama 18, herufi na tarakimu, na inatafutwa kwenye adrese ya serikali yao, gsxt.gov.cn. Imeandikwa Kichina, lakini Lubumbashi hatukosi mutu wa kuisoma. Walimwomba kijana mumoja anayefanya kazi dukani kwa Wachina. Jina lilikuwa lile lile, na kazi ya kampuni ilikuwa kutengeneza mashini za kilimo.

Pili, walilinganisha jina la kampuni na jina la mwenye konti. Yalikuwa sawa, herufi kwa herufi. Konti ya mutu binafsi, ao ya kampuni ingine "ya ndugu yetu", ni sababu ya kusimama.

Tatu, walisoma code ya SWIFT. Kila mutu anaweza kufanya hivi. Code ina alama 8 ao 11. Nne za kwanza ni banki, mbili zinazofuata ni inchi, mbili za nyuma ni fasi. Kwa mufano:

```
BKCHCNBJ
BKCH = Bank of China
CN   = China
BJ   = Beijing
```

Muuzaji akisema yeye ni wa China na alama ya tano na ya sita si `CN`, muulize kwa nini. Ikiwa `HK`, ni Hong Kong, na kampuni nyingi za kweli zina konti kule, lakini jina lao linapashwa kuonekana. Ikiwa ni inchi ambayo haina uhusiano na muzigo wenu, muache.

Mashini zilipokuwa tayari, walilipa mukaguzi wa kule dola 280. Aliwasha kila injini, akapiga picha za namba zake, akapima matundu ya chujio. Alikuta mashini moja ina chujio cha matundu makubwa, kizuri kwa chakula cha kuku lakini kibaya kwa bunga la bukari. Kilibadilishwa kabla ya kupakiza. Zile dola 280 zilijilipa siku hiyo.

Imeli ya siku ya kumi na moja

Siku chache kabla ya kutuma zile 4,760, imeli ilifika. Ilikuwa na jina la muuzaji, alama ya kiwanda, hata mazungumuzo yote ya nyuma chini yake. Ilisema: konti yetu inakaguliwa na watu wa kodi, tafazali mulipe kwenye konti hii mupya. Fakitire ilikuwa safi kuliko ya kwanza.

Mutunza sanduku hakujibu imeli ile. Alichukua fakitire ya kwanza kabisa, akapiga namba iliyokuwa juu yake, kwa video, na uso wa yule muuzaji waliyemuzoea ukatokea. Kijana alikuwa karibu naye kwa kutafsiri. Muuzaji alishangaa: "Hapana, mama, siye hatujabadilisha konti." Walipoangalia tena adrese ya imeli, waliona: fasi ya herufi m mwizi alikuwa ameandika r na n pamoja. Kwenye simu ndogo, rn na m zinafanana kama mapacha. Mwizi alikuwa ameingia katika imeli ya mumoja wao, akasoma kila kitu, akangojea siku ya malipo makubwa.

Muone vizuri: muuzaji alikuwa wa kweli, mashini zilikuwa za kweli, na bado makuta ilikuwa karibu kupotea. Ndiyo sababu kuchunguza muuzaji hakutoshi. Konti nayo inachunguzwa, kila mara, hata kama ni malipo ya tano. Na kuchunguza kunafanywa kwa njia ingine kuliko ile iliyoleta habari: imeli ikisema, munapiga simu, kwa namba ya zamani, si ile iliyoandikwa ndani ya imeli. Banki musiitegemee kwa kazi hii. Inatuma fasi munaandika.

Walilipa 4,760 kwenye konti ya zamani. Banki iliwapa kopi ya SWIFT, nao wakaituma kwa muuzaji. Namba ya kontenere waliiandika kwenye adrese ya kampuni ya meli yenyewe, wakaiona inatembea kuelekea Dar.

Gharama ya kweli na gharama ya mwizi

Kuna gharama za kweli njiani, kwa hiyo hatuwezi kuwaambia, "Musilipe kitu zaidi." Tuwaachie vipimo vitatu vya kutofautisha.

Kipimo cha kwanza: gharama hii iliandikwa kwenye kontra ao proforma? Cheti, bima, nauli ya meli, vyote vinajulikana kabla. Mbele ya kulipa hata dola moja, muombe muuzaji aandike kila gharama mpaka bandari, kisha mumuulize ofisa wa duane wenu zile za kutoka bandari mpaka hapa.

Kipimo cha pili: makuta inaenda kwa nani? Ushuru wa DGDA unalipwa banki, kwa karatasi yenye kuonyesha hesabu, kiisha muzigo kutangazwa. OCC nayo inatoa fakitire. Hakuna duane inayolipwa kwa Western Union kwa jina la mutu, na hakuna faini ya bandari kwa muzigo ambao bado haujafika bandarini.

Kipimo cha tatu ndicho kikali. Mujibu hivi: "Sawa, ulipe wewe kwanza, uongeze kwenye salio letu, tutalipa yote pamoja kiisha kuona hati." Muuzaji wa kweli anaweza kulalamika, anaweza kukata bei kati, lakini mutazungumuza. Anataka kuuza. Mwizi atakasirika, atasema muzigo utauzwa kesho, atawapa saa mbili tu. Hawezi kukubali, kwani hana salio lolote la kungojea. Zile dola 420 ndizo biashara yake yote.

Na kama mumekwisha kulipa? Siku ile ile, si kesho, muende banki ao kwa wakala mulipotumia, muombe malipo yasimamishwe. Kama makuta bado haijatolewa kule, kuna bahati. Muweke ujumbe wote, musifute hata kimoja, muupeleke parke pamoja na karatasi. Tena mujihazari: wezi wa pili wanafuata wale walioibiwa, wanajidai kuwa avoka ao polisi wa inje wanaoweza kurudisha makuta, "munalipa paka gharama ya dosie." Ni ngazi ile ile, imepakwa rangi mupya.

Kazi ya mukutano

Katika mukutano unaokuja, muchukue proforma yoyote mulio nayo, muipitishe mukononi mwa wanachama, mutafute pamoja majibu haya na kuyaandika kwenye kitabu cha kooperative:

1. Jina la kampuni na jina la mwenye konti ni moja?
2. Alama ya tano na ya sita za SWIFT ni za inchi gani?
3. Bei inaishia wapi: kiwandani, bandarini, ao Lubumbashi? Nani analipa kipande kinachobaki?
4. Tukilipa leo, makuta itakuwa mukononi mwa nani mpaka siku ya kupokea, na kipande gani kinaweza kurudi?
5. Tukipoteza avansi, tutalima?
6. Nani wawili kati yetu watapiga simu kwa namba ya zamani kabla ya kila malipo?

Swali la sita musiliachie prezidenti peke yake. Ile kooperative ya urea, prezidenti ndiye alikuwa anajibu ujumbe usiku, peke yake, na haya ya kusema kama amekosea ilimufanya alipe mara ya pili na ya tatu. Kule kwingine mama alikuwa na ruhusa ya kusimamisha malipo bila kuomba radhi kwa mutu. Mashini zao zinasaga leo.